Kufulia wanafunzi wa chuo nguo kwa kilo Mwanza: mwongozo kamili, kuanzia kamba ya kuanikia

Kila mwaka chuo kinapofunguliwa, kuna watu Malimbe, Nyegezi na Bugando wanaonunua mabeseni na sabuni, wanabandika tangazo la "tunafua nguo", na kabla muhula haujafika katikati wameacha. Kwa kawaida mteja hakukosekana. Kilichowashinda ni nguo kuchanganyika, nguo kurudi na harufu ya unyevu, na ahadi ya "kesho asubuhi" iliyogeuka siku nne.

Mambo hayo matatu yana chanzo kimoja. Mtu anapokea nguo kwa kadiri anavyoweza kufua, wakati alipaswa kupokea kwa kadiri anavyoweza kukausha. Mikono miwili inaweza kufua kilo 30 hadi saa sita mchana, lakini kamba haziwezi kubeba zaidi ya urefu wake. Kwa hiyo mwongozo huu unaanzia kwenye kamba, kisha ndipo unafika kwenye beseni.

## Vitu vya kuwa navyo kabla ya mteja wa kwanza

- Banda la kuanikia lenye paa na pande wazi, mita 6 kwa 4. Paa liwe bati au plastiki nzito inayopitisha mwanga.
- Kamba 10 za nailoni au waya uliovikwa plastiki, kila moja mita 6, zikiachana sentimita 40. Waya mtupu wa chuma usiuguse.
- Vibanio visivyopungua 150.
- Simtanki la lita 1,000, au mapipa yanayofikia ujazo huo.
- Mabeseni makubwa manne: la kulowekea, mawili ya kusuuzia, na moja la nguo zinazochuja rangi.
- Mizani ya kuning'iniza ya kilo 25.
- Daftari la risiti lenye kaboni, maka peni isiyofutika, utepe mweupe wa pamba na pini za usalama.
- Mifuko ya wavu kwa ajili ya soksi.
- Sabuni ya unga, sabuni ya mche, jiki na glavu za mpira.
- Pasi na meza yake.
- Ukiweza, mashine ya matangi mawili, lile la kufulia na lile la kukamulia. Thamani yake kwako utaiona kwenye hesabu hapa chini.

Mashine ya matangi mawili inafaa zaidi mazingira yetu kuliko ile ya kisasa inayojiendesha yenyewe. Unaijaza kwa ndoo, kwa hiyo siku bomba lisipotoa maji kazi haisimami. Haichemshi maji, hivyo haili Luku sana. Pia maji yale yale ya sabuni unaweza kuyatumia kwa mizigo miwili au mitatu.

Leseni ya biashara ya halmashauri na namba ya mlipakodi vishughulikie mapema. Na usijaribu kufanyia kazi hii ndani ya chumba cha hosteli ya chuo, maana siku ukitimuliwa utaondoka na nguo za watu.

## Hatua ya 1: Pima uwezo wa kamba zako

Nguo za mwanafunzi wa kawaida, yaani mchanganyiko wa tisheti, mashati, jinsi moja au mbili, shuka na taulo, zinachukua wastani wa mita 2.5 za kamba kwa kila kilo moja. Jinsi inachukua nafasi ndogo kuliko uzito wake, tisheti inachukua kubwa, mwisho wake zinafidiana.

Banda letu lina kamba 10 za mita 6, jumla mita 60. Gawanya kwa 2.5, unapata kilo 24. Hizo ndizo kilo zinazoweza kuwa kambani kwa wakati mmoja. Jua likiwa kali na nguo zikakauka siku hiyo hiyo, unaweza kupokea kilo 24 kwa siku. Mvua ikinyesha na nguo zilizokamuliwa kwa mkono zikachukua siku mbili, uwezo wako umeshuka hadi kilo 12.

Hapa ndipo wengi wanapotea, kwa sababu ya kalenda. Kiangazi cha kweli cha Mwanza ni Juni hadi Septemba, na sehemu kubwa ya kipindi hicho wanafunzi wako likizo au kwenye mafunzo kwa vitendo. Chuo kinafunguliwa mvua za vuli zikiwa zinaingia, na muhula wa pili unakutana na masika. Msimu wako wa wateja ndio msimu wa mvua. Anayejaribu biashara hii mwezi wa nane akaona nguo zinakauka kwa saa tatu, kisha akapanga bei na ahadi kwa kipimo hicho, Novemba itamuumbua.

Mashine inabadilisha nini? Nguo iliyokamuliwa kwa mkono hubaki na maji yanayokaribia au kuzidi uzito wake yenyewe. Tangi la kukamulia huondoa sehemu kubwa ya maji hayo kwa dakika tatu hadi tano. Nguo nyepesi zitakauka kwa siku moja chini ya paa hata kukiwa na mawingu, jinsi na taulo zitahitaji mbili. Uwezo wako wa siku ya mvua unapanda kutoka kilo 12 hadi takriban 18.

Utajua umefaulu ukiwa na namba mbili zilizoandikwa ukutani, kilo za siku ya jua na kilo za siku ya mvua, na huzivuki hata mteja akibembeleza.

## Hatua ya 2: Panga bei kwa siku ya mvua

Chukua mfano wa bei ya shilingi 1,500 kwa kilo, kufua na kukunja, bila pasi. Badilisha tarakimu kwa bei za mtaani kwako, lakini ufuate mpangilio huu.

Siku ya jua, kilo 24 zinaleta shilingi 36,000. Maji ni lita 15 kwa kilo, jumla lita 360, yaani ndoo 18. Ukinunua ndoo kwa 200 ni shilingi 3,600. Sabuni ni gramu 15 kwa kilo, jumla gramu 360, na kama kilo ya sabuni ni 6,000 ni karibu shilingi 2,200. Msaidizi 10,000. Umeme, utepe na dawa za madoa 2,000. Jumla ya gharama 17,800, na kinachobaki ni 18,200. Humo ndimo inatoka kodi ya pango, leseni na akiba ya matengenezo.

Siku ya mvua bila mashine, kilo 12 zinaleta 18,000. Maji 1,800, sabuni 1,100, msaidizi yule yule 10,000, mengineyo 2,000. Kinabaki 3,100. Hiyo haitoshi hata pango.

Siku ya mvua ukiwa na tangi la kukamulia, kilo 18 zinaleta 27,000, gharama ni 16,300, kinabaki 10,700. Tofauti ni shilingi 7,600 kwa kila siku ya mvua. Ukinunua mashine kwa 450,000, siku 60 hivi za mvua zinairudisha. Kwa hiyo kama fedha ni chache, jenga paa kwanza, mashine ifuate, na urembo wa kibanda uje mwisho.

Pasi itoze kando, kwa nguo. Shati moja linataka dakika nne hadi tano, na mwanafunzi anayevaa tisheti hana sababu ya kumlipia anayevaa mashati. Shilingi 300 kwa nguo inafidia muda na umeme.

Weka kiwango cha chini cha kilo 3, kwa kuwa mzigo wa kilo moja unakupa kazi ile ile ya kuandika, kutia alama na kufungasha. Mwanafunzi mmoja hutoa kama kilo 4 kwa wiki, hivyo wateja watano au sita kwa siku wanakujazia kamba. Wateja 30 hadi 36 wa kila wiki wanatosha kabisa. Huna haja ya kutangazia chuo kizima.

## Hatua ya 3: Pokea nguo mwenyewe yupo

Nguo nyingi zinazodaiwa kupotea zilikosewa hapa, wala hazikuibwa. Fuata mpangilio huu bila kuruka.

Kwanza, pekua mifuko yote mbele ya mteja. Utakuta fleshi, vitambulisho, hela na kalamu. Kalamu moja ya wino ikipita kwenye mzigo, inaharibu nguo za watu watatu.

Pili, hesabu kwa sauti na uandike kwa aina: tisheti 6, jinsi 2, shuka 1. Andika kasoro iliyopo tayari, kwa mfano "shati jeupe, doa la wino mfuko wa kushoto". Usipoandika, doa hilo utalirithi wewe.

Tatu, pima kilo nguo zikiwa kavu. Mtu akileta nguo zilizolowa, toza kwa nguo badala ya kilo.

Nne, mpe nakala ya kaboni yenye siku ya kurudishiwa. Chini ya risiti iwepo kanuni yako ya fidia, iandikwe kabla tatizo halijatokea: unalipa kiasi gani kwa nguo iliyopotea, na malalamiko yapokelewe ndani ya siku ngapi.

Nguo za ndani wengi huamua kutozipokea, na ni uamuzi mzuri kwa anayeanza. Soksi zipokee, ila ziingie kwenye mfuko wa wavu wenye namba ya mwenyewe na zisitoke humo mpaka siku ya kukunjwa.

## Hatua ya 4: Tia alama kila nguo, hata shuka

Mpe kila mteja namba ya kudumu. Mteja wa 17 ni 17 mpaka amalize chuo. Kata utepe wa pamba wa sentimita 4, andika namba kwa maka peni pande zote mbili, uache wino ukauke usiku mzima. Ufunge kwenye tundu la kifungo au kwenye lebo ya shingoni. Pini ya usalama itumike pasipo na tundu, na iwe isiyoshika kutu.

Tepe za mteja zitengenezee seti yake, uziweke kwenye kopo lenye namba. Baada ya kukunja zinarudi koponi, na zikipungua unajua kuna nguo ya mteja huyo bado iko kambani.

Usitie alama kwa kuandika moja kwa moja kwenye nguo ya mtu, na usitegemee kumbukumbu. Tisheti nyeusi za wanafunzi wa mwaka wa kwanza zinafanana zote, na za chama au kozi moja zinafanana hadi maandishi.

## Hatua ya 5: Tenganisha, kisha fua

Tengeneza mafungu manne: nyeupe, rangi nyepesi, rangi nzito, na zinazochuja. Kujua inayochuja, lowesha pindo la ndani na ulibane kwa kitambaa cheupe kwa nusu dakika. Kitambaa kikipokea rangi, nguo hiyo inaoga peke yake. Vitenge vipya, batiki na jinsi mpya vishuku mpaka vithibitike.

Loweka dakika 30, zisizidi saa moja. Kulaza nguo kwenye maji ya sabuni usiku kucha katika joto letu kunazaa harufu ambayo sabuni nyingine haiondoi, na rangi zinahama. Kola, vikwapa na pindo za mikono visugue kwa sabuni ya mche kabla ya kuingia kwenye mashine.

Kipimo cha sabuni ya unga ni kijiko kimoja kikubwa kwa kilo. Maji ya bomba ya Mwanza yanatoka ziwani na ni laini, yanatoa povu haraka. Anayezidisha sabuni anajiongezea kazi ya kusuuza, na nguo nyeusi zinabaki na michirizi myeupe. Kama unatumia maji ya kisima na povu linakataa, ongeza kidogo kidogo, kwa sababu hayo yana chumvichumvi.

Maji ya kwanza yafue nyeupe, yaendelee na rangi nyepesi, yamalizie nzito. Usirudi nyuma. Mashine isijae zaidi ya robo tatu, kwani nguo zisipogeuka hazitakati. Suuza mara mbili. Utajua umefaulu maji ya pili yakiwa hayana povu na nguo haitelezi mkononi.

Mambo matatu yanayoharibu nguo za watu kila muhula:

Jiki mahali pasipo pake. Ni ya pamba nyeupe tu, ikiwa imezimuliwa kwenye maji kwanza. Sufu na nailoni inazigeuza manjano. Kamwe usiichanganye na siki, limau au dawa ya choo, kwa sababu inatoa gesi yenye sumu.

Damu na maji ya moto. Moto unaigandisha damu kwenye uzi. Anza na maji baridi, kisha sabuni.

Kutu. Jiki haiondoi kutu, huizidisha. Tumia limau na chumvi, anika juani kwa saa kadhaa, kisha suuza vizuri kabla dawa nyingine yoyote haijagusa nguo.

Ukiwa karibu na Bugando utaletewa makoti meupe ya wanafunzi wa udaktari na uuguzi. Yapokee kwenye mfuko wake, yashike kwa glavu, yafue mwisho kwenye beseni lake. Damu ikiwepo itoe kwanza kwa maji baridi, kisha loweka kwenye jiki iliyozimuliwa. Yasichangie maji na mashuka ya mtu mwingine, na bei yake iwe ya peke yake.

Kuhusu kufulia ziwani, ambako kunaonekana ni maji ya bure: usifanye. Kichocho kipo kwenye maji ya kingo za Ziwa Victoria, na anayesimama humo kila siku atakipata. Sheria ya Usimamizi wa Mazingira ya mwaka 2004 pia inalinda ukanda wa mita 60 kutoka ukingo wa ziwa. Maji yako machafu yachimbie shimo la kunyonya lililojazwa mawe, yasiteremke kwa jirani. Malimbe kwenye mteremko jambo hili ndilo linaloanzisha ugomvi.

## Hatua ya 6: Kamua, anika, na ujue nguo imekauka lini

Kwenye tangi la kukamulia, nguo nzito zikae chini na zienee pande zote. Mashine ikianza kuruka na kugonga, mzigo umelalia upande mmoja. Zima, subiri isimame kabisa, panga upya. Usiingize mkono tangi likizunguka.

Jinsi igeuze nje ndani, mifuko itoke, ibanwe kiunoni. Tisheti ibanwe kwenye pindo la chini, isibanwe mabegani. Rangi nzito zigeuzwe ndani ili jua lisizipaushe. Acha upenyo wa vidole vinne kati ya nguo na nguo, kwa kuwa kinachokausha chini ya paa ni upepo, na upepo lazima upate njia. Elekeza banda ili upepo wa mchana kutoka ziwani upite katikati ya kamba.

Usianike juu ya majabali, hata yakiwa ya moto kiasi gani. Jiwe linakwaruza uzi, na korongo wa mji huu hawaulizi nguo ni ya nani. Siku ambazo wadudu wadogo wa ziwani wanapanda nchi kavu kwa makundi, usiwafute kwa mkono. Ukimponda anaacha doa. Acha nguo ikauke, kisha ikung'ute.

Usiku nguo ziingie ndani. Chumba cha kukaushia kiwe na dirisha wazi na feni inayopuliza kando ya kamba. Jiko la mkaa lisiwashwe humo kamwe: hewa yake ya sumu huua, na nguo zitanuka moshi.

Kipimo cha ukavu kiko kwenye mshono wa kiuno, ndani ya mfuko na kwenye kola. Gusisha mshono shavuni. Ukisikia ubaridi, bado una maji, hata kama kitambaa kingine chote ni kikavu. Nguo iliyokunjwa katika hali hiyo itanuka baada ya siku moja na kuota vidoa vyeusi vya ukungu baada ya wiki, na mteja atasema hukufua.

## Hatua ya 7: Piga pasi, kunja, linganisha na daftari

Nguo iliyotoka kwenye pasi ina mvuke ndani yake. Iache ipoe dakika 10 hadi 15 kabla ya kuingia mfukoni, vinginevyo unafungasha unyevu.

Kunja mteja mmoja baada ya mwingine, huku nakala ya risiti iko mezani. Hesabu, toa tepe, hesabu tepe, funga. Ikipungua nguo, mzigo hauondoki. Nguo isiyo na alama iwekwe kwenye sanduku moja tu la "haijajulikana", lipitiwe kila jioni.

## Hatua ya 8: Panga ratiba na fedha kwa kufuata maisha ya chuo

Gawa hosteli kwa siku. Mfano: upande mmoja Jumatatu, unarudishiwa Jumatano, mwingine Jumanne kwa Alhamisi. Kipindi cha mvua ongeza siku moja na uwatumie ujumbe asubuhi, kabla hawajaanza kuuliza.

Bumu likitoka, uza kadi ya kilo 20 kwa bei iliyopungua kidogo, ukikata kilo kila anapoleta. Inakuhakikishia kazi wiki ambazo mifuko yao ni mitupu. Lakini fedha hiyo bado ni deni. Iweke kwenye laini yako ya lipa namba, na ujilipe kwa kadiri unavyofua. Wanaoitumia yote siku ile ile hujikuta wanafua bure mwezi unaofuata, bila hela ya sabuni.

Wiki ya mwisho ya mitihani mashuka, mapazia na mablanketi huja kwa mpigo. Blanketi moja linaweza kukalia mita 4 za kamba kwa siku mbili, basi litoze kwa kipande. Funga mapokezi siku nne kabla ya siku wengi wanapoondoka, na watangazie tarehe hiyo wiki mbili mapema. Anayekuja baada ya tarehe hiyo mwambie hapana. Basi la alfajiri kutoka Nyegezi halisubiri jinsi mbichi.